Uso usigeuke makaa: maswali yenu kuhusu ngozi nyeusi na taa za rangi

Yaya, nimemchora msukuma chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, usiku, mbele ya duka lenye taa ya bluu. Mchana ngozi yake ilikuwa nzuri kabisa, lakini kwenye programu ya kuchora nikiweka juu yake kalke, yaani tabaka, ya bluu kwa Multiply, uso unageuka makaa. Niipandishe rangi ya ngozi? (Goma, Birere)

Hapana, ngozi iache ilivyo. Badilisha taa.

Multiply inafanya hesabu moja tu. Inachukua kila namba ya rangi ya ngozi, yaani R ya wekundu, G ya kijani na B ya bluu, inaizidisha na namba ya taa, kisha inagawa kwa 255. Chukua kahawia iliyokolea yenye R 107, G 68, B 35. Iwekee bluu kali yenye R 70, G 110, B 255. Utapata R 29, G 29, B 35. Namba tatu zikikaribiana hivyo, jicho linaona kijivu, na kijivu cha chini namna hiyo ndiyo makaa yako. Bluu uliyoweka ilikula wekundu wa ngozi, na ngozi yenyewe haikuwa na bluu ya kurudisha.

Hilo si tatizo la programu tu. Melanini hunywa mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu, kwa hiyo hata mtu halisi akisimama mbele ya taa ya bluu, ngozi yake hurudisha kidogo sana. Lakini mbona tukimwangalia tunamwona vizuri, paji la uso, pua, mashavu? Kwa sababu kuna mwanga wa pili ambao hauingii ndani ya ngozi. Unagonga juu, kwenye mafuta na jasho, unadunda. Huo ndio mng'ao, na melanini haiugusi. Ni asilimia chache tu za mwanga uliofika, na kwa ngozi nyeupe na ngozi nyeusi ni karibu sawa. Tofauti ni kwamba kwenye ngozi nyeupe umezama ndani ya mwanga mwingine, na kwenye ngozi nyeusi ndio unaobeba sura nzima. Wengi wetu tulijifunza kuchora kwa kufuata picha za watu weupe, tukaweka nguvu yote kwenye kivuli na kuusahau mng'ao. Kwetu sisi kazi kubwa iko kwenye mng'ao.

Basi fanya hivi. Kwanza lainisha bluu ya Multiply iwe R 130, G 160, B 255. Ngozi itakuwa R 55, G 43, B 35: imeingia usiku lakini bado ni kahawia, bado ni mtu. Kisha fungua kalke mpya juu yake, ifunge kwa Clipping isitoke nje ya ngozi (kwenye Krita iweke kundi moja na kalke ya ngozi, kisha bonyeza alama ya Inherit Alpha), iwe Add au Addition, inayojumlisha namba badala ya kuzizidisha, opacity 30%. Hapo ndipo unapoitumia ile bluu kali ya mwanzo, R 70, G 110, B 255, kwa brashi laini, mahali panapoitazama taa tu. Penye mng'ao utapata takriban R 76, G 76, B 112. Sasa shavu lina bluu ya wazi na pembeni yake kuna kahawia. Msomaji ataona taa ya bluu na ngozi nyeusi kwa wakati mmoja.

Umeniandikia pia kwamba nyuma yake unataka wekundu wa volkano ya Nyiragongo. Tuseme ukweli, mlima uko mbali na mwanga ule hauwezi kuangaza shavu la mtu aliye mjini. Lakini ni picha yako, na kila mtu wa Goma ataelewa. Taa nyekundu yenye R 255, G 110, B 50 juu ya ngozi ileile inatoa R 107, G 29, B 7. Umeona? R haikushuka hata kidogo. Ngozi yetu inapenda mwanga wa moto, kwa hiyo wekundu utaipiku bluu bila kujitahidi. Uweke kama ukanda mwembamba tu: ukingo wa sikio, shingo, bega, na nyuma ya mkono ulioshika usukani wa chukudu. Ukiacha taa mbili zigawane uso nusu kwa nusu, utapata kinyago cha rangi mbili. Kati ya taa hizo mbili acha eneo ambalo halina taa yoyote, karibu R 28, G 20, B 26. Hilo eneo la giza ndilo linaloupa uso unene wake.

Nikiweka mng'ao, mhusika anaonekana kama amepakwa mafuta ya kupikia. Nakosea wapi? (Bukavu, Kadutu)

Nadhani umetumia nyeupe, na umeisambaza kila mahali kwa ukali mmoja. Mng'ao hauna rangi ya ngozi wala si mweupe wenyewe. Unachukua rangi ya taa. Taa ikiwa zambarau, mng'ao ni zambarau iliyopauka kidogo.

Halafu angalia mahali penyewe. Usiku zima taa ya chumba, fungua picha ya bluu tupu kwenye simu moja na nyekundu kwenye nyingine, ziweke pande mbili za mkono wako, kisha uchezeshe kichwa polepole kushoto na kulia. Utaona kitu cha ajabu kidogo. Kahawia ya ngozi inabaki palepale, lakini ule mstari wa bluu juu ya mfupa wa kifundo unateleza kukufuata. Kinachoteleza ndicho cha kwenda kwenye kalke ya Add. Kinachobaki ni cha Multiply.

Kwenye uso, mng'ao mkali na mdogo unakaa kwenye ncha ya pua, mdomo wa chini, na kona ya jicho iliyo na unyevu. Paji la uso na mfupa wa shavu vina mng'ao mpana wenye kingo laini. Chini ya shavu na pembeni mwa taya karibu hakuna. Mtu aliyetoka kuoga ana mng'ao mpana zaidi, na mtu aliyesukuma chukudu kupanda kilima ana vidoa vidogovidogo vya jasho. Ukivitofautisha ukubwa hivyo, mafuta ya kupikia yataondoka yenyewe.

Kivuli cha ngozi nyeusi ni nyeusi, au zambarau kama wanavyofundisha kwenye video? (Lubumbashi, mtaa wa Kenya)

Inategemea ni nini kingine kinachomwangaza. Zambarau si sheria. Inafaa pale ambapo taa kuu ni ya njano au chungwa na anga la jioni linajaza kivuli kwa bluu. Ndani ya nyumba yenye ukuta wa kijani, kivuli kina ukijani.

Wewe wa Lubumbashi una zawadi ambayo sisi wa Goma hatuna: udongo mwekundu. Mchana au chini ya taa ya njano, ardhi yenu inarusha wekundu chini ya kidevu, chini ya pua, upande wa ndani wa mkono. Weka hapo kahawia yenye joto, hafifu kuliko upande wa taa, na kivuli kitapumua. Sisi tunatembea juu ya mawe meusi ya volkano, kwa hiyo chini ya kidevu cha mtu wa Goma mara nyingi hakuna kinachorudi. Nyeusi tupu, R 0, G 0, B 0, niachie kwa tundu la pua na mstari kati ya midomo, basi.

Viganja na midomo navyo nivipake taa ileile? (Goma, Himbi)

Taa ileile, ndiyo, lakini juu ya rangi yake ya msingi. Kiganja chenye R 178, G 122, B 92 chini ya ile bluu laini kinakuwa R 91, G 77, B 92, yaani zambarau iliyopoa. Uso wa mtu huyohuyo umebaki kahawia. Usiogope tofauti hiyo. Mhusika akiinua mkono mbele ya uso, kiganja ndicho kitakachomwambia msomaji kwamba taa ni ya bluu.

Dada wawili kwenye hadithi yangu, mmoja mweusi sana, mmoja maji ya kunde. Chini ya taa nyekundu wanafanana kama mapacha! (Bukavu, Ibanda)

Macho yako ni mazuri, kwa sababu hivyo ndivyo inavyotokea kweli. Ngozi zetu zinatofautiana kidogo kwenye wekundu na sana kwenye bluu. Yule mweusi tumpe R 107, G 68, B 35, na wa maji ya kunde R 160, G 110, B 75. Kwenye R mmoja anamzidi mwenzake mara moja na nusu tu, lakini kwenye B ni zaidi ya mara mbili. Taa nyekundu inafuta B, na tofauti kubwa inafutika nayo.

Usiwalazimishe kwa kumpausha mmoja. Ongeza kidogo B na G kwenye taa, iwe R 255, G 140, B 90, na watatengana. Ikiwa hadithi inataka wekundu mkali, tumia mng'ao: kwa dada mweusi utaonekana ukichomoza kutoka kwenye ngozi, kwa mwenzake utayeyuka ndani yake. Hilo peke yake linatosha kuwatambulisha.

Na taa ya kijani? (Lubumbashi, Katuba)

Kijani peke yake kinamgeuza mtu mamba: R 90, G 255, B 120 juu ya ngozi yetu ya mfano inatoa R 38, G 68, B 16. Kitumie pembeni tu, na mbele weka taa ya joto, hata iwe ndogo kama mshumaa.

Kwenye skrini naona kila kitu, lakini nikichapisha nyuso zinapotea. (Goma, Katindo)

Yalinipata. Nilipeleka bango la wahusika watano chini ya taa za bluu, likarudi na macho kumi na meno. Wino hauwezi kutoa bluu kali kama ya skrini, na rangi za chini sana hushikamana kwenye karatasi zikawa doa moja.

Sasa kabla ya kupeleka naweka kalke ya kijivu juu ya kila kitu, mode ya Color, ili rangi zote zipotee na ubaki mwanga na giza tu. Kisha naipunguza picha iwe ndogo kama stempu. Ikiwa katika udogo huo siwezi kusema pua inaishia wapi na shavu linaanza wapi, naongeza mng'ao. Msingi wa ngozi siupandishi. Halafu naangalia eneo kubwa la kivuli usoni: likiwa chini ya 25 kwa namba zote tatu, nalipandisha kidogo. Mwisho nakata uso mmoja tu, nauchapisha kwenye karatasi ileile itakayotumika, na kuutazama nje, mchana, kivulini.