Tatu kwa moja si thelathini na tatu kwa mia

Wadogo zangu, wiki hii nimepokea orodha tatu za mgao, na katika zote tatu mtu ameona uwiano wa 3:1 akaandika asilimia 33. Nimerudisha zote. Naandika haya ili ya nne isije.

1. Hesabu mafungu kwanza. Tatu kwa moja ni mafungu manne: mkubwa anachukua matatu, mdogo moja. Kwa hiyo ni asilimia 75 na 25. Najua 33 inatoka wapi: mdogo kweli ni theluthi ya mkubwa. Lakini safu ya asilimia haiulizi mdogo ni sehemu gani ya mwenzake, inauliza ni sehemu gani ya mzigo wote, na huo ni robo. Kabla ya kugusa kikokotoo, jiulize: asilimia ya nini?

2. Unganisha uwiano kabla ya kuugeuza asilimia. Hapa niacheni niseme kwa kirefu, maana kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe na bado linaniuma.

Nilikabidhiwa katoni 520 za madaftari zigawiwe vituo vitatu. Maelekezo yalikuwa mistari miwili: A kwa B ni 3:1, B kwa C ni 2:5. Nikakimbilia asilimia. Mstari wa kwanza ukanipa A 75 na B 25. Wa pili ukanipa B 28.6 na C 71.4. B akawa na asilimia mbili, na hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Badala yake nikachukua wastani wake, 26.8, nikajumlisha zote nikapata 173.2, kisha nikagawanya kila moja kwa jumla hiyo ili zifike mia. Zikatoka 43.3, 15.5 na 41.2. Kwa katoni ikawa 225, 80 na 214. Jumla 519, imepungua moja, nikaiongeza kwa A kwa kuwa ndiye mkubwa: 226. Jumla 520 kamili. Nikasaini.

Mzigo ukaondoka. Siku ya pili msimamizi wa ghala la Kituo A akanipigia, mama mtulivu sana, akaniuliza swali moja tu: “Mwanangu, 226 ukigawanya kwa 80 unapata tatu?” Unapata 2.825. Nilikaa na simu mkononi nikiwa sina la kumjibu.

Hesabu yenyewe ni fupi. B ni 1 katika mstari wa kwanza na 2 katika wa pili, na ni B yuleyule, kwa hiyo lazima awe na namba moja. Kigawe kidogo cha shirika cha 1 na 2 ni 2. Zidisha mstari wa kwanza wote kwa 2: A 6, B 2. Wa pili unabaki B 2, C 5. Sasa A:B:C ni 6:2:5, mafungu 13. Katoni 520 kwa 13 ni 40 kila fungu. A 240, B 80, C 200. Mimi nilimpunja A katoni 14 nikampa C, na B alitoka sawa kwa bahati, ndiyo maana kwa macho orodha ilionekana nzima. Katoni zile 14 zilibidi zirudishwe kutoka C, na baadhi zilikuwa zimeshafunguliwa.

Ndiyo maana nawagombeza mkiniambia “lakini jumla imefika mia.” Jumla yangu pia ilifika. Ukigawanya kila namba kwa jumla yake, lazima ifike mia hata kama namba zenyewe ni mbovu. Kipimo ni kurudi nyuma: 240 kwa 80 ni 3, 200 kwa 80 ni 2.5. Yakikubali, saini.

3. Kwenye jedwali, weka mafungu (6, 2, 5) katika safu B, usiandike asilimia kwa mkono:

```
=B2/SUM(B$2:B$4)
```

Msisahau alama ya dola, la sivyo mkiburuta fomula chini jumla inahama nayo.

4. Desimali. Mgao huu ni asilimia 46.15, 15.38 na 38.46. Ukikadiria hadi namba nzima unapata 46, 15 na 38, yaani 99. Wengi wenu mnampa mkubwa ile moja iliyobaki, kama nilivyofanya mimi. Mpeni aliyekatwa desimali kubwa zaidi, ambaye hapa ni C, aliyepoteza 0.46 wakati A kapoteza 0.15. Orodha isomeke 46, 15, 39. Na hizo ni za kuonyesha tu: katoni zigawiwe kwa mafungu, maana ukichukua asilimia 39 ya 520 unapata 202.8, na C anastahili 200.