Chati ya renji usiku: ile mishumaa miwili haikuwa soko

Swali: *Habari za kazi, kaka. Nipo Area C hapa Dodoma, nafanya EURUSD kwenye MetaTrader 5 kwa chati ya dakika 5. Mchana habari za Marekani zikitoka, mshumaa mmoja unameza kila kitu. Usiku chati inajaa vidoti tu. Rafiki yangu anatumia renji ya pipsi 5, chati yake safi mchana na usiku, na akiijaribu kwa data za nyuma inampa faida. Nihamie huko, au kwenye chati ya tiki?*

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Usihame kwanza. Sehemu ya usafi huo inatoka sokoni, sehemu nyingine inachorwa na programu, na ukiitazama chati yenyewe huwezi kuzitofautisha.

Chati ya muda ni treni ya SGR: saa yake ikifika inaondoka, behewa lijae au liwe tupu. Ndiyo maana usiku unapata vidoti. Chati ya tiki ni daladala ya Jamatini, haiondoki mpaka ijae. Tuseme umeweka tiki 500. Usiku bei zikija 10 kwa dakika, mshumaa mmoja utachukua dakika 50. Habari zikitoka na bei zikamiminika 50 kwa sekunde, unafungwa ndani ya sekunde 10. Chati ya renji ni bodaboda, anahesabu umbali tu. Mshumaa unafungwa pale tofauti ya juu na chini inapofika pipsi 5, iwe imechukua sekunde moja au saa tatu.

Tiki niiseme kwa kifupi. Kwenye soko la mikataba ya baadaye kama CME, tiki ni muamala uliofanyika kweli. Kwenye EURUSD ya broka wako, tiki ni broka kubadilisha bei aliyoitangaza, hata kama hakuna aliyenunua. Ndiyo maana tiki 500 zako na tiki 500 za mwenye broka mwingine hazifanani. Programu ikizimika kwa mtandao kukatika, halafu ikaanza kuhesabu upya kutoka sehemu nyingine, mishumaa yote inayofuata inasogea. Kwa hiyo tiki tuiache, turudi kwenye renji.

Tuanze na usiku, kwa sababu huko ndiko nilikoungua mimi mwenyewe. Saa 11 jioni ya New York siku ya soko inafungwa. Kwetu hiyo ni saa 6 usiku Wamarekani wakiwa kwenye saa za kiangazi, na saa 7 usiku wakirudi kwenye saa za kawaida. Dakika hizo watoa bei wengi wanajiondoa na spredi inapanuka. Sasa kumbuka jambo moja: chati ya EURUSD kwenye MetaTrader inachorwa kwa bei ya Bid peke yake. Tuseme Bid ni 1.0840 na Ask 1.0841. Spredi inapanuka, Bid inakuwa 1.0835 na Ask 1.0846. Ukipiga hesabu, katikati ni 1.08405 kabla na baada, yaani soko halijaenda popote. Lakini Bid imeshuka pipsi 5, na programu ya renji inachora mshumaa kamili mwekundu. Spredi ikirudi, Bid inapanda hadi 1.0840 na unachorwa mshumaa kamili wa kijani. Wewe unaona bei imegonga chini ikarudi kwa nguvu, unanunua. Mimi nilinunua hivyo siku tatu mfululizo, nikiamini nimegundua kitu.

Kwenye chati yako ya dakika 5 tukio hilohilo lingeonekana kama utambi mrefu chini ya mshumaa wa saa 6 kamili, na saa hiyo ingekushtua. Renji inaondoa saa. Zaidi ya hapo, MetaTrader 5 haina renji yake yenyewe. Programu nyingi zinatengeneza alama bandia, yaani Custom Symbol, na kupanga kila mshumaa kwenye nafasi ya dakika moja, kwa hiyo hata muda unaousoma chini ya chati unaweza kuwa wa kubuni.

Habari zikitoka, kasoro inakuwa nyingine. Takwimu za ajira za Marekani hutoka saa 2:30 asubuhi ya kwao, kwetu saa 9:30 alasiri au saa 10:30 jioni kulingana na msimu. Tuseme mshumaa wa renji una kilele cha 1.0852 na bei iko 1.0850. Habari inatoka, na bei inayofuata kutoka kwa broka ni 1.0836. Hapo katikati hakuna bei yoyote iliyotangazwa. Programu nyingi haziachi pengo: zinafunga mshumaa wa kwanza kwa 1.0847, wa pili 1.0842, wa tatu 1.0837, mitatu myekundu imepangana vizuri. Kama rafiki yako ana oda ya kuuza bei ikivunja 1.0846, kwenye majaribio oda inaingia palepale 1.0846. Kwenye akaunti halisi ingeingia 1.0836, pipsi 10 chini, na mteremko wenyewe umeshapita. Mimi faida yake ningeanza kuitilia shaka hapo.

Kuna njia ya kujua. Kwenye dirisha la Symbols fungua sehemu ya Ticks, omba data za EURUSD za siku moja aliyopata faida kubwa, kisha zihifadhi. Chukua biashara zake tano bora, utafute bei aliyoingilia kwenye safu za Bid na Ask, sekunde ileile. Kama bei hiyo haimo, biashara hiyo haikuwezekana. Akitaka kupima upya, ishara zitoke kwenye renji, lakini oda zipimwe kwenye EURUSD yenyewe kwa `Every tick based on real ticks`, si kwenye ile alama bandia.

Kama programu ya renji ni yenu na mnaweza kuifungua, ijengeni kwa bei ya katikati na iruke tiki zenye spredi pana:

```
double kati = (tick.bid + tick.ask) / 2.0;
double spredi = (tick.ask - tick.bid) / (10 * _Point);
if(spredi > 2.5) return;
```

Hesabu hiyo ni kwa broka mwenye tarakimu tano baada ya nukta. Ile 2.5 ni kipimo changu, angalia spredi ya kawaida ya broka wako kwanza. Na ujue kwamba wakati wa habari kichujio hicho kitaruka tiki za kweli pia, hivyo chati itakuwa kama imelala kwa muda kisha inaruka. Mimi naona afadhali hivyo kuliko mishumaa ya kubuni.

Ninavyofanya mimi: dakika 5 inabaki wazi muda wote, ndiyo saa yangu. Renji ya pipsi 5 naifungua London na New York zikiwa kazini pamoja, spredi ikiwa pipsi 1 au chini ya hapo. Mwendo ukiwa wa kawaida, mteremko ambao dakika 5 ingeufunika kwa mshumaa mmoja, renji inauvunja vipande na unaona bei iliposita. Spredi ikifika pipsi 2 naifunga. Na ATR usiihamishie huko: mishumaa yote ikiwa na urefu wa pipsi 5, itakusomea 5 au karibu na 5 usiku kucha na mchana kutwa. Ukitaka kujua kasi kwenye renji, hesabu mshumaa mmoja umechukua sekunde ngapi kufungwa, kwa kutumia muda wa tiki zenyewe.