Midomo Saba Inatosha Kumsemesha Mhusika wa Katuni

Vijana ninaowafundisha katuni hapa Nairobi wana tabia moja: wakipewa sauti iliyorekodiwa, wanakimbilia skripti na kuchora mdomo kwa kila herufi. Ukiicheza kazi yao, mhusika anatafuna, hasemi. Weka skripti kando. Chora kile ambacho jicho lingekiona ukimtazama mtu akizungumza, nacho ni kidogo kuliko unavyodhani.

Mimi natumia midomo saba. Wa kwanza umefumbwa, kwa m, b na p, na ndio huohuo mhusika anapumzika nao, ila ukiulegeza kidogo. Wa pili ni a, taya limeshuka. Wa tatu ni wa e na i, umetanuka pembeni na meno yanaonekana. Halafu o, kisha u, ambao unafaa pia kwa w. Wa sita ni wa f na v, meno ya juu yamegusa mdomo wa chini. Wa saba umefunguka kidogo tu, wa kupitia njiani. Sauti kama k, j, n, h na d hutengenezwa ndani ya kinywa, kwa hiyo usizichoree chochote. Wako wanaoongeza wa nane, ulimi ukionekana, kwa ajili ya l na dh. Kwa picha ya karibu sana sawa, vinginevyo ni kujichosha.

Kiswahili kinatusaidia hapa: irabu ni tano tu na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Tuchukue sentensi "Mbona hujafika bado?" Tuseme mwigizaji ameisema kwa sekunde moja na nusu, yaani fremu 36 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Sikiliza mara kadhaa ukitazama wimbi la sauti, na kabla ya kitu kingine chochote tia alama mahali midomo inapogusana. Hapa kuna mahali pawili, mb na b, pamoja na f. Hizo ndizo nguzo. Ukizikosa, hata irabu zikiwa safi, mtazamaji ataona kama filamu iliyotiwa sauti ya mtu mwingine.

Kisha jaza irabu katikati. Fremu 1 na 2 mdomo umefumbwa. O inashika 3 hadi 6, a 7 hadi 10, u 11 na 12. "Ja" ya "hujafika" inapita haraka bila mkazo, basi ipe ule mdomo wa saba, 13 na 14. F ni 15 na 16, i 17 hadi 20, a 21 hadi 24. Fumba tena 25 na 26, fungua a kubwa 27 hadi 32, malizia na o hadi 36. Herufi 17, michoro 11. Angalia mkazo: uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo a ya "bado" ni pana na inakaa kuliko zile nyingine. A zote zikilingana ukubwa, mhusika anasikika ana hasira lakini uso wake unasoma taarifa ya habari.

Mdomo uliofumbwa usiupe chini ya fremu mbili. Kwa fremu moja jicho haliuoni. Sauti ikiwa ya haraka mno, iibie fremu irabu iliyotangulia, usiiibie m.

Skripti itakudanganya pia kwa sababu ya namna tunavyoongea. Imeandikwa "sijui", lakini mtu wa Nairobi akitamka upesi unasikia "sjui". Ile i ya kwanza haipo, usiichore.

Ukimaliza, sogeza midomo yote fremu moja au mbili mbele ya sauti, kisha ucheze tena. Macho huvumilia mdomo unaotangulia sauti, lakini sauti ikitangulia mdomo kila mtu anashtuka. Na kabla hujaweka hata alama moja, mwulize mteja kasi ya fremu. Kazi za televisheni mara nyingi huwa 25. Namba za fremu ulizoandika kwa 24 ukizipeleka kwenye mradi wa 25 zitakuwa zimeachana na sauti kwa fremu 60 kufikia mwisho wa dakika ya kwanza.

Mazungumzo yakiwa marefu, programu ya bure ya Rhubarb Lip Sync inaweza kukupa rasimu. Kwa kawaida inategemea Kiingereza, basi iamuru isikilize sauti zenyewe badala ya maneno:

```
rhubarb -r phonetic -o sauti.tsv sauti.wav
```

Itakupa nyakati na herufi za midomo, A ikiwa uliofumbwa. Pitia hizo A moja moja kwa masikio yako. Zilizobaki unaweza kuziamini zaidi kidogo.