Kabla ya kuandika barua ya kuomba ada ya mtihani, fungua faili la ankara

Barua yangu ya kwanza ya kumwomba mwajiri anilipie mtihani ilikuwa na aya nne, na zote zilinihusu mimi. Nataka kukua kitaaluma, nina hamu ya kujifunza, nimefanya kazi kwa bidii miaka miwili. Meneja aliirudisha na neno moja la kalamu pembeni: "Nimeona." Mwaka uliofuata niliomba tena, mtihani uleule, kwa meneja yuleyule, na wiki mbili baadaye nikaitwa kusaini. Safari hiyo kabla sijaandika hata salamu nilikwenda kwa mhasibu, nikaomba kuziona ankara za fundi wa nje.

Nilikuwa kijana wa mtandao katika idara ndogo ya TEHAMA, na mtihani ulikuwa CCNA, mtihani wa mitandao wa kampuni ya Cisco, ule wenye namba 200-301. Ni wa dakika 120, haudai cheti kingine kabla yake, na cheti chake hudumu miaka 3 kabla ya kuhitaji kuhuishwa. Ishike hiyo miaka 3, maana ndiyo urefu wa faida unayoruhusiwa kuihesabu. Ukimwandikia meneja wa fedha kwamba utaokoa pesa "kwa miaka mingi ijayo", ataacha kusoma hapo hapo.

Ankara zilionyesha kwamba katika miezi 12 fundi wa nje aliitwa mara 11. Nilizisoma moja moja nikilinganisha na mada za mtihani, ambazo Cisco huziweka wazi pamoja na uzito wa kila mada. Mara 4 zilikuwa kazi zisizohusiana na mtihani huo kabisa, kama kuvuta nyaya za faiba. Zilibaki 7: kugawa VLAN upya baada ya ofisi kuhama ghorofa, kubadilisha swichi iliyoungua, kurekebisha orodha ya ACL iliyokuwa inazuia printa, na nyingine za namna hiyo. Hapo mkono uliniwasha niandike 7. Lakini 3 kati ya hizo zilihusu vifaa vilivyo chini ya mkataba wa matengenezo, na mkataba unasema asivifungue mtu mwingine. Hata ningekuwa na vyeti vya kujaza ukuta, zile 3 zingebaki za fundi. Nikaandika 4.

Kupunguza huko kulinisaidia kuliko sentensi yoyote niliyoiandika vizuri. Msomaji wa barua ya maombi huwa anatafuta mahali ulipopaka rangi. Akikuta umejikata mwenyewe kwa sababu anayoweza kuithibitisha kwenye faili lake, hesabu zinazobaki huzisoma kwa utulivu.

Sasa gharama. Nilizipima zote kwa kipimo kimoja, siku moja ya mshahara wangu, na nakushauri ufanye hivyo angalau kwenye rasimu, kwa sababu ada, vitabu na siku za likizo haviwezi kujumlishwa vikiwa na sura tofauti. Ada ya mtihani ilikuwa sawa na siku zangu 9. Vitabu na mazoezi, siku 2. Likizo ya masomo, siku 6. Jumla 17. Ziara moja ya fundi iliigharimu kampuni siku zangu 4, kwa hiyo ziara 4 kwa mwaka ni 16. Nikachekelea: gharama inarudi katika mwaka mmoja na kidogo.

Mhasibu, ambaye nilimwonyesha rasimu kabla ya kuipeleka, aliuliza swali moja tu. "Na siku utakayofanya wewe kazi ya fundi, nani atafanya yako?" Sikuwa na jibu. Kazi aliyoifanya fundi ingenichukua karibu siku nzima, na siku hiyo nalipwa. Kwa hiyo kila ziara inaokoa 3, siyo 4, na kwa mwaka ni 12. Gawanya 17 kwa 12: gharama inarudi baada ya takriban miezi 17. Kwa miaka 3 ya cheti kampuni inapata 36 kwa kutoa 17. Hesabu ilipungua lakini ikawa ngumu kuivunja. Wengi wanaoandika barua hizi huusahau muda wao wenyewe, na meneja wa fedha hausahau kamwe. Ukipata mtu wa uhasibu wa kukusomea rasimu, mpe chai ya mwezi mzima.

Ile miezi 17 ilinisaidia pia mahali ambapo sikutarajia. Kila mwajiri anayeombwa kitu hiki ana hofu moja asiyoisema mbele yako: utapata cheti kisha uondoke. Usisubiri aiseme. Ikiwa gharama inarudi baada ya miezi 17, basi una sababu ya kuahidi kukaa miezi 18, na una sababu ya kukataa ukiombwa miaka mitatu. Mwenye kuahidi bila hesabu huishia kusaini muda wowote atakaowekewa mezani.

Ahadi hiyo nayo iwe na kingo. Niliandika kwamba nikiondoka mapema nitarejesha ada na vitabu tu, yaani zile 11, na deni litapungua kwa sehemu moja ya 18 kila mwezi. Nikiondoka baada ya miezi 9, nadaiwa nusu, 5 na nusu. Siku za likizo sikuziweka kwenye deni. Nikipunguzwa kazi na kampuni, sidaiwi kitu. Hili liandike waziwazi, kwani fomu nyingi zilizochapishwa tayari husema "akiacha kazi kwa sababu yoyote", na wewe ukisaini umesaini.

Kuhusu likizo, usiombe "muda wa kusoma". Kusoma kitabu unaweza usiku, na meneja analijua hilo. Omba siku kwa ajili ya jambo lisilofanyika usiku. Kwangu lilikuwa mazoezi kwenye swichi za akiba zilizokuwa stoo. Packet Tracer, programu ya bure ya Cisco, inatosha kwa mengi, lakini nilitaka kushika mashine zilezile nitakazozihudumia. Nikaomba Jumatano nne, nikiepuka wiki ya kufunga mwezi, kisha siku ya kuamkia mtihani na siku ya mtihani wenyewe. Siku ya mtihani husahaulika sana. Nimeona mwenzangu akiombea ruhusa ya ugonjwa ili akafanye mtihani ambao kampuni yenyewe ndiyo iliyoulipia.

Barua yenyewe ilikuwa hii, nimeondoa majina tu:

*YAH: OMBI LA ADA YA MTIHANI WA CCNA NA SIKU 6 ZA MASOMO*

*Naomba kampuni inilipie ada ya mtihani wa CCNA (200-301) na vitabu, na initengee siku 6 za masomo zenye malipo katika kipindi cha wiki 14 zijazo.*

*Katika miezi 12 iliyopita tulimwita fundi wa nje mara 11. Kazi 7 kati ya hizo zimo ndani ya mada za mtihani huu. Nimeondoa 3 zinazofungwa na mkataba wa matengenezo. Kazi 4 zilizobaki ningeweza kuzifanya mwenyewe. Orodha ya ankara zote 11 nimeiambatanisha.*

*Gharama ya ombi hili ni sawa na siku 17 za mshahara wangu: ada 9, vitabu 2, likizo 6. Kila ziara itakayoepukwa inaokoa siku 3, baada ya kutoa muda wangu. Kwa ziara 4 kwa mwaka, gharama itarudi baada ya takriban miezi 17. Cheti hudumu miaka 3.*

*Siku ninazoomba zimo kwenye kiambatisho cha pili. Hakuna iliyo katika wiki ya kufunga mwezi. Mwenzangu wa zamu amekubali kushika simu za dharura siku hizo, nami nitashika zake siku atakazochagua.*

*Nikishindwa mtihani, nitalipia marudio mwenyewe na sitaomba siku za ziada. Nikifaulu, nitabaki kazini angalau miezi 18 tangu tarehe ya mtihani. Nikiondoka kwa hiari yangu kabla ya hapo, nitarejesha ada na vitabu, kiasi kikipungua kwa sehemu moja ya 18 kila mwezi. Kampuni ikisitisha ajira yangu bila kosa langu, sitadaiwa.*

*Naomba jibu kabla ya mwisho wa mwezi, ili tarehe ya mtihani ipangwe kufuatana na ratiba niliyoambatanisha.*

Utaona hakuna "husika na kichwa cha habari hapo juu". Kama ofisini kwenu wanaitaka, iweke, haina madhara, ila ombi lenyewe liwe kwenye sentensi inayofuata. Utaona pia sikusema lolote kuhusu vyeti vya wenzangu wa kampuni nyingine, wala haki. Upo mkataba namba 140 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, unaozungumzia likizo ya masomo yenye malipo, na ni vizuri kujua kama nchi yako iliuridhia na kama sera ya kampuni ina kifungu chake. Kama kipo, kitaje kwa namba kwenye mstari mmoja. Kama hakipo, barua ya ombi si mahali pa kuanzishia mgogoro.

Kifungu cha kushindwa mtihani kiliniuma kukiandika, lakini kiandike. Nilitafuta kanuni za marudio mapema: aliyeshindwa mtihani wa ngazi hii husubiri siku 5 kabla ya kurudia, na ada hulipwa upya yote. Ukiacha jambo hili kimya, meneja atalijaza mwenyewe, na mara nyingi kwa kusema, "Tutakurudishia ukifaulu." Kwa mtu wa mshahara mdogo jibu hilo ni sawa na hapana, maana atatafuta wapi siku 9 za mshahara kwa mkupuo? Mimi nilibeba hatari ya marudio ili kampuni ilipe mara ya kwanza moja kwa moja. Ukiona mwajiri hataki kabisa kutanguliza, mwombe agawane: nusu unapojisajili, nusu matokeo yakitoka.

Jibu lilikuja kwa mdomo, kwenye ngazi: "Endelea." Nilimshukuru, nikarudi mezani nikamwandikia barua pepe ya mistari mitatu nikirudia alichokubali, nikamwomba ajibu. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba likizo aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa siku 4, si 6. Hatukubishana. Jumatano mbili nilizihamishia Jumamosi, jumla ikashuka hadi 15, na marejesho yakawa miezi 15. Kisha nikamwomba apunguze na muda wa kubaki kutoka miezi 18 hadi 16, kwa hesabu ileile. Aliitazama karatasi, akakata 18 kwa kalamu, akaandika 16, akasaini pembeni.