Sentensi moja ya kueleza stataapu yenu, mfano wa samaki

Swali: "Wadau, tuna apu ya samaki hapa Mombasa. Tukijieleza tunasema 'sisi ni platfomu bunifu ya kidijitali inayoboresha mnyororo wa thamani wa samaki kwa kuunganisha wadau wote.' Watu wanaitikia kwa kichwa halafu wanauliza, kwani nyinyi mwafanya nini hasa? Tuandikeje?"

Yakhe, toa samaki hapo weka viazi, usome tena. Imekubali si ndio? Weka mbolea, bado inakubali. Sasa mtu atajuaje mwauza nini?

Bunifu na kidijitali futeni tu, hazina kazi. Palipo na shida kubwa ni hapo kwa "wadau wote". Mama karanga, yule anayekaanga samaki akauza mtaani, ataka samaki wadogo wa bei ya chini, na pengine alipe jioni akishauza. Mpishi wa hoteli ya Nyali ataka nguru ama tewa wa maana, risiti ya ofisi, na mzigo ufike kabla jiko halijachangamka. Mvuvi naye ataka pesa yake akishusha tu samaki. Hao watatu hawaingii kwenye sentensi moja hata ukiwasukuma, kwa hivo chagua yule anayetoa pesa mfukoni akawapa nyinyi. Mimi nachukulia ni hoteli, kama siyo basi sentensi nayo itabadilika.

Halafu kaeni na huyo mpishi mumuulize leo anafanyaje bila nyinyi. Msimuulize kama apu ni nzuri, atasema nzuri ili mwende zenu. Uliza jana samaki alimpata vipi. Nyingi ya hadithi utakazosikia ni hii: asubuhi anapigia broka wa kwanza hashiki, wa pili asema changu wapo, bei ataijua wakifika, na wakifika ni wachache na barafu imeshayeyuka, na menyu ishachapishwa. Hapo ndipo sentensi inapotoka, kwa maneno yake yeye. Mimi ningeanza hivi:

"Mpishi wa hoteli akiagiza samaki kwetu jioni, asubuhi wanamfikia wakiwa kwenye barafu kwa bei ileile aliyoambiwa."

Yuko nani, afanya nini, apata nini, na ile shida ya bei kugeuka imeguswa bila kuitaja. Apu haimo kabisa, mpishi haimhusu kama mwatumia apu ama mwapiga simu.

Sasa isome tena ukifikiria miezi ya kusi. Bahari ikichafuka vyombo vidogo havitoki, ama vinabaki ndani ya mwamba, kwa hivo mpishi akitaka nguru wewe utamtoa wapi? Ukiahidi "samaki yeyote umtakaye" sentensi itaeleweka vizuri sana na itakuwa uongo. Kama hamna friza ya kuweka akiba, igeuzeni: "Kila jioni twamwambia mpishi wa hoteli samaki gani wapo na bei yao, akichagua, asubuhi wanamfikia wakiwa kwenye barafu." Ni ndefu kidogo lakini hii mwaweza kuitimiza hata mwezi wa saba.

Kuijaribu, usiwape marafiki, washajua mwafanya nini. Tafuta mtu kwenye foleni ya feri Likoni ama anayekunywa kahawa Old Town, umwambie mara moja tu, usiongeze maelezo (hapa ndio kazi, mdomo utakuwasha). Piga stori nyingine kidogo, kisha muulize, ukifika nyumbani utawaambia hawa watu wafanya nini? Akisema "nimeelewa" hiyo si jibu, mwache aseme mwenyewe. Neno ambalo kila mtu analiruka akirudia, litoe. Na swali la kwanza analouliza ndilo linakwambia nini kimekosekana. Mimi nikisambaza maji kwa bouza, kila niliyemwambia "twakuletea maji safi mpaka tangini" alikuwa auliza ni ya chumvi ama matamu, maana mji huu visima vingi ni chumvi. Nikaweka maji matamu, swali likaisha, wakaanza kuuliza bei, na mtu akiuliza bei ujue ameshaelewa.

Na kama mwaogopa kuwa wawekezaji wanataka maneno makubwa, angalia M-Pesa. Majaribio ya mwanzo yalikuwa ya watu kulipia mikopo midogo, lakini wakaonekana wanatumiana pesa wao kwa wao, na ilipozinduliwa 2007 tangazo likawaambia watu watume pesa nyumbani, basi. Habari za laini na meseji zinazobeba ile pesa hazikuwemo. Nyinyi pia teknolojia iwe sentensi ya pili, mtu akiuliza mwawezaje kujua jioni samaki gani watakuwepo. Na hilo jibu muwe nalo, kwa sababu mpishi ataliuliza kabla ya mwekezaji.