Kumweka mwenzako kwenye Cc sio kumkabidhi mteja

Swali: Shikamoo dada. Niko ofisi ya uhasibu hapa Dar, nahamishiwa tawi la Mwanza kuanzia tarehe 24 mwezi huu wa tatu, wateja wangu wanagawiwa wenzangu. Kuna mmoja anauza vigae na mabati, ana makadirio ya TRA ambayo tunayapinga. Nimeshaandika imeli fupi ya kumuaga na mwenzangu nimemweka kwenye Cc. Je niorodheshe na mambo yote ambayo hayajaisha, au mteja ataingiwa na hofu aone hatukufanya kazi? Faili lote mwenzangu analo.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Orodhesha yote, na hiyo imeli kama haijaenda isimamishe kwanza.

Hili la Cc nakutana nalo mno na linaniumiza, maana watu wazima kabisa, wana CPA zao, wanaamini ukishaandika anwani ya mwenzako kwenye ule mstari basi umekabidhi. Aliye kwenye Cc amepewa nakala, hajaombwa kitu. Anafungua, anaona umemshukuru mteja kwa ushirikiano, anafunga anaendelea na ritani zake. Mteja naye huo mstari haangalii, siku akipata shida anapiga namba aliyoisevu, na namba aliyoisevu ni ya kwako, wewe uko Mwanza una wateja wengine, unamwambia ntamwambia mwenzangu akupigie, unasahau. Hapo kila mmoja anajua mwingine anashughulikia, na hakuna anayeshughulikia.

Halafu hilo la "faili lote analo". Faili lina barua zilizokwishaandikwa, halikwambii nani anamsubiri nani leo hii. Tuchukue mteja wako huyo huyo. Hujanitajia barua ya makadirio iliwafikia lini, tuseme iliwafikia tarehe 2 Machi. Pingamizi linatakiwa lifike TRA ndani ya siku 30, kwa hiyo mwisho wake ni tarehe 1 Aprili, wewe umeondoka wiki nzima. Na pingamizi bila kulipa halipokelewi, mteja analipa kiasi ambacho hakibishaniwi au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kama wamemkadiria milioni 18 na yeye mwenyewe anakubali anadaiwa milioni 4, theluthi ni milioni 6, basi analipa 6. Kuna njia ya kumuomba Kamishna apunguze au asamehe hayo malipo ya awali, ila ni ombi la maandishi lenye sababu za msingi, na nalo linataka muda. Sasa milioni 6 mfanyabiashara wa vigae haitoi kwenye droo, pesa yake iko kwenye makontena, anatakiwa ajue mapema.

Mwenzako akifungua faili tarehe 24 atakuta barua ya makadirio na rasimu yako ya pingamizi. Atajua kwamba mteja alikuahidi kwa simu kuleta hati za forodha za makontena mawili na risiti za EFD ambazo TRA walizikataa? Hatajua, maana lilikuwa neno la simu. Atakaa anasubiri mteja, mteja naye anasubiri aambiwe, tarehe 1 inapita. Ikishapita makadirio yanasimama kama yalivyo na deni linaanza kudaiwa.

Kwa hiyo kabla ya imeli, piga simu. Dakika tano tu, mwambie mteja unahama na nani anashika nafasi yako, ili imeli isimkute kama msiba. Ukiweza muwe watatu kwenye simu, mwenzako ajitambulishe mwenyewe mteja aisikie sauti yake. Ndo uandike, na kwenye To uwaweke wote wawili, mteja na mwenzako, kwa sababu wote wawili una jambo unawaomba. Bosi wako ndo mtu wa Cc. Iwe kitu cha namna hii:

> Subject: Mhasibu wenu mpya kuanzia 24 Machi, na mambo matatu yaliyobaki
>
> Habari za kazi Mkurugenzi. Kama tulivyoongea kwa simu leo, kuanzia Jumatatu ya tarehe 24 Machi kazi zenu zote zitakuwa chini ya mwenzangu (jina, simu, imeli), ambaye yuko kwenye imeli hii na ataijibu leo. Hadi Ijumaa ya tarehe 21 nipo mimi. Baada ya hapo mpigieni yeye kwanza.
>
> Ritani ya VAT ya Februari nitaiwasilisha mimi kabla ya tarehe 20, nakala nitawatumia. Yaliyobaki ni haya:
>
> 1. Pingamizi la makadirio ya milioni 18. Rasimu iko tayari, nimeiambatanisha. Tunasubiri kutoka kwenu hati za forodha za makontena mawili na risiti za EFD tulizoongelea, tunaomba zifike kabla ya tarehe 20 Machi. Malipo ya awali ni milioni 6. Mwisho wa kuwasilisha na kulipa ni 1 Aprili, mwenzangu atawasilisha tarehe 27 Machi.
>
> 2. Awamu ya kwanza ya kodi ya mapato, mwisho 31 Machi. Makadirio ya mwaka nimeyaandaa, mwenzangu atawapigia tarehe 25 myapitie pamoja kabla ya kuyawasilisha.
>
> 3. PAYE na SDL za mishahara ya Machi, mwisho 7 Aprili. Tunasubiri kutoka kwenu orodha ya mishahara pamoja na wale vijana wawili wapya wa stoo, mwenzangu ndo atakayewasilisha.
>
> Namba ya akaunti ya kulipia ada zetu haijabadilika.

Iangalie vizuri hiyo orodha. Kila jambo lina kilipofikia, lina anayesubiriwa, lina tarehe, na lina jina la atakayefanya. Kikikosekana kimoja hapo basi ni kama hukuandika. "Suala la TRA linaendelea vizuri" ni sentensi ninayoichukia, maana inamtuliza mteja kipindi ambacho anatakiwa atafute milioni 6. Na ona tarehe zimegawanyika, ya serikali ni 1 Aprili lakini ya kazi ni 27 Machi, hizo siku katikati ni za mtandao kugoma, za mteja kusafiri na za benki kuchelewesha.

Hofu ya mteja hata usiihangaikie. Biashara yoyote hai ina mambo ambayo hayajaisha mwezi wa tatu, mteja analijua hilo kuliko sisi. Kinachomtia hofu ni kuja kuambiwa tarehe 3 Aprili kwamba kulikuwa na tarehe 1.

Yapo mambo ambayo hayaendi kwenye hiyo imeli. Kwamba mteja hulipa ada kwa kuchelewa, kwamba mambo ya pesa bora umpigie mke wake ndo anayeshika vitabu, kwamba mtu wao wa stoo anapenda kukaa na risiti, hayo mwandikie mwenzako peke yake, kwenye imeli mpya kabisa. Nasema mpya kwa sababu watu wana tabia ya kufowadi mazungumzo ya ndani halafu wanamwongeza mteja juu, mteja akishuka chini anasoma yote mliyosema juu yake tangu mwezi wa kwanza. Ukianza ujumbe wa mteja bonyeza Compose, usiende Forward.

Paswedi nazo hazipiti kwenye imeli. Na kama ujumbe wa kuthibitisha kuingia kwenye akaunti ya mteja unafika kwenye simu yako wewe, hilo libadilishwe kabla hujapanda basi, la sivyo siku ya ritani mwenzako atakuwa anakupigia uko kwenye kikao umezima simu.

Utajuaje makabidhiano yameshika? Mwenzako amejibu kwa Reply All siku ileile, kwa maneno yake, akitaja angalau jambo la kwanza na tarehe yake. Na mteja amejibu, hata neno "sawa". Asipojibu kwa siku mbili mpigie tena, usichukulie kimya kuwa ni kukubali. Baada ya hapo mteja akikupigia wewe usimjibu swali lake, muunganishe na mwenzako hapohapo. Najua ni vigumu maana mmezoeana, ila ukimjibu mara mbili tu huyo mteja bado ni wa kwako.

Ule mstari wa akaunti kwenye mfano sikuuweka kwa kupendezesha. Imeli inayosema "mimi ndo mhasibu wako mpya" ndo hiyohiyo matapeli wanaitumia, wanaingia kwenye imeli ya mtu, wanasoma mazungumzo, halafu wanaandika kwa anwani inayofanana, herufi moja tu tofauti, kwamba tumebadilisha akaunti lipia huku. Mteja aliyepigiwa simu na mtu anayemjua, na akaambiwa akaunti haijabadilika, hapo ana cha kushikilia.

Na kwa nyie wenye biashara mnaosoma hapa, kuna vishoka wamejaa mjini, hajasajiliwa NBAA, TRA hawamtambui kama mshauri wa kodi, lakini ana wateja kibao na paswedi zao zote ziko kwenye simu yake moja. Siku akichoka au akipata dili jingine anakutumia wasapu, "boss kuanzia leo utakuwa na huyu kijana", namba ya simu, kwisha. Wengine siku hizi wanauza na templeti za imeli za makabidhiano kwenye magrupu, shilingi elfu tano, nimezisoma, shukrani mwanzo mpaka mwisho, tarehe hata moja hamna, na vijana wetu wa ofisini wanazinunua. Ukipokea ujumbe wa hivyo usimkubali huyo kijana kwanza. Mrudie aliyekutuma kwake umuulize ritani ya mwisho iliyowasilishwa ni ya mwezi gani na uthibitisho wake uko wapi, kuna barua yoyote ya TRA ambayo haijajibiwa, na kitu gani kina tarehe ndani ya siku 30 zijazo. Akishindwa kukujibu kwa maandishi, nenda mwenyewe ofisi ya TRA ya mkoa wako na TIN yako na kitambulisho uombe taarifa ya akaunti yako, na paswedi ubadilishe siku hiyohiyo.