Namba ya simu iliyokatwa mkia

Fomu yangu ya kwanza ya malipo niliipenda kwa ajili ya kiolezo chake: ukiandika namba ya simu, nafasi zinajipanga zenyewe, na tarakimu ya 11 haiingii. Mteja mmoja akabandika namba yake kama alivyoinakili, pamoja na msimbo wa nchi. Tuseme ilikuwa +44 20 7946 0958. Kiolezo kikatupa alama ya kujumlisha na nafasi, zikabaki tarakimu 12, kikachukua 10 za mwanzo: 4420794609. Kosa halikuonekana, maana tarakimu 10 ndizo nilizotaka. Ujumbe wa uthibitisho alioungoja haukufika.

Tangu hapo sikati namba mtu anapoandika. Aandike au abandike apendavyo, na nafasi na vistari vyake. Kusafisha ni kazi ya programu. Akishatoka kwenye kisanduku ndipo ninapoikagua na kuipanga. Kuipanga akiwa bado anaandika kuna kero yake pia: akirudi kurekebisha tarakimu ya katikati, kishale huweza kurukia mwishoni, naye akafuta isiyohusika.

Kibodi nazichagua hivi, ya simu kwanza, kisha ya fedha:

```html
<input type="tel" autocomplete="tel">
<input type="text" inputmode="decimal">
```

`type="number"` naikwepa kote kuwili. Namba ya simu ikichukuliwa kama hesabu, sifuri ya mwanzo hupotea. Kwenye fedha, gurudumu la kipanya laweza kubadilisha kiasi mtu akidhani anashusha ukurasa. Na `inputmode="numeric"` kwenye iPhone haina kitufe cha desimali, kwa hiyo mwenye kutaka kuandika senti anakwama.

Fedha ndiyo iliyonitisha zaidi. Kibodi ya desimali huweza kuonyesha nukta au mkato, kulingana na mipangilio ya simu. Programu yangu ilikuwa ikifuta kila mkato ikidhani unatenga maelfu, hivyo 12,50 ikawa 1250. Mara mia! Siku hizi, mkato mmoja ukifuatwa na tarakimu mbili mwishoni, nauchukua kuwa wa desimali. Ukifuatwa na tatu, kama 1,500, sikisii: naandika chini ya kisanduku “Unamaanisha elfu moja na mia tano, au moja na nusu?” na vitufe viwili vya kujibia. Inachelewesha kidogo, najua.

Ujumbe wa kosa nao una wakati wake. Zamani wangu uliwaka mwekundu kwenye tarakimu ya kwanza tu, kumwambia mtu amekosea kabla hajamaliza. Sasa unangoja atoke kwenye kisanduku, lakini akirudi kusahihisha unaondoka papo hapo namba inapokamilika. Naufunga kwenye kisanduku chake kwa `aria-describedby`, ili anayetumia kisoma skrini ausikie. Alichoandika hakifutwi. Na badala ya “Namba si sahihi” nimeweka: “Umeandika tarakimu 9, imebaki 1.”